Mfuko ulipoteza asilimia 24, akaunti yangu asilimia 38: barua ya meneja inasema nini hasa?

*Mtaalamu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Nairobi. Januari 2024 niliweka shilingi milioni 2 kwenye mfuko maalum wa dola. Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri mno. Mwishoni mwa mwaka nikapata barua ya meneja. Anasema mfuko "ulikuwa umeuza mtikisiko", Agosti ikatokea "dhoruba isiyo ya kawaida", na mwaka umefungwa kwa hasara ya asilimia 24.3. Taarifa yangu inaonyesha shilingi 1,244,000. Hiyo ni hasara ya karibu asilimia 38, si 24! Tena nasikia soko la Marekani lilimaliza mwaka likiwa juu. Je, nimeibiwa? Nitoe kilichobaki au nisubiri kirudi?*

Mwalimu, tuanze na pengo kati ya 24 na 38, kwa sababu hilo halina uhusiano na mtikisiko wala na meneja. Ulipoweka pesa mwanzoni mwa Januari 2024, dola moja ilikuwa karibu shilingi 157, kwa hiyo milioni 2 zako zikawa dola 12,739 hivi. Mwaka ulipoisha dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Hata kama meneja angezifungia dola zako kwenye sanduku asifanye nazo lolote, taarifa yako ingesoma shilingi 1,643,000. Kuimarika kwa shilingi peke yake kumekula 357,000. Sasa toa asilimia 24.3 kwenye dola 12,739, zinabaki 9,643. Zidisha kwa 129 na utapata shilingi 1,244,000, namba ileile iliyo kwenye taarifa yako. Hesabu imefunga. Hakuna aliyechota pembeni, walau si hapa. Barua ilikosea kwa kutokueleza hilo, maana mteja anayehesabu kwa shilingi alipaswa kuambiwa kwa shilingi.

Zinabaki 399,000, na hizo ndizo hasara ya kazi ya meneja mwenyewe. Kwa hizi ana maswali ya kujibu.

"Kuuza mtikisiko" ni biashara ya bima iliyovaa suti. Chukua mtu anayeuza bima ya mafuriko kwa maduka yaliyo kando ya mito ya Nairobi. Januari anapokea ada, Februari anapokea ada, hakuna anayedai, na vitabu vyake vinapendeza kuliko vya jirani yake yeyote. Ikija masika kama ile ya Aprili 2024, maduka yote yanadai siku moja, kwa kuwa yanakunywa maji ya mto mmoja. Lakini kuna jambo la pili, ambalo ndilo watu hulikosa. Hebu fikiria ameingiwa na hofu wingu lilipotanda tu, kabla tone halijaanguka, akataka kuuhamishia mzigo wake kwa mwenye bima mwingine. Atatozwa mara kumi ya ada aliyopokea. Hakuna duka lililolowa bado, lakini yeye tayari ana hasara, kwa sababu bei ya bima yenyewe imepanda.

Meneja wako alikuwa akiuza bima ya namna hiyo juu ya soko la hisa la Marekani, kwa mikataba inayoitwa opsheni. Mnunuzi analipa ada leo, na muuzaji anaahidi kufidia iwapo fahirisi ya S&P 500 itashuka chini ya bei fulani ya mpaka kabla ya tarehe fulani. Bei ya bima hii ina kipimo chake kinachotangazwa kila siku, VIX. Siku za utulivu huwa kati ya 12 na 20. Kikipanda, kila aliyeuza bima anaona deni lake likivimba, hata kama fahirisi haijafika mpakani.

Nitakufanyia hesabu kwa mfuko wa mfano, wenye namba za mviringo. Ukubwa wake nimeuchagua makusudi ili hasara yake ikaribie ya mfuko wako.

Mfuko una dola milioni 10. Fahirisi iko 5,000. Meneja anauza mikataba 100 ya mwezi mmoja yenye bei ya mpaka 4,700, yaani atafidia tu soko likishuka zaidi ya asilimia 6. Katika utulivu, ada ya mkataba kama huo ni pointi 12 hivi. Kila pointi ni dola 100, kwa hiyo mkataba mmoja unampa dola 1,200 na yote 100 inampa dola 120,000. Hiyo ni asilimia 1.2 ya mfuko kwa mwezi mmoja, bila jasho. Nadhani ndiyo "miezi mizuri mno" uliyoiona.

Angalia sasa upande ambao matangazo hayauonyeshi. Mkataba mmoja unabeba fahirisi 5,000 mara dola 100, yaani dola 500,000. Mikataba 100 ni dola milioni 50. Mfuko wa milioni 10 umeweka bima kwa mali ya milioni 50, mara tano ya mtaji wake. Dalali anayeshika mikataba hiyo anadai dhamana. Kwa kanuni ya kawaida ya Marekani, mwanzoni atafungia karibu dola milioni 4.8. Meneja anaona nusu ya mfuko iko huru na anajiona mwangalifu.

Kisha ikaja Agosti 2024. Julai 31 Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25, na watu waliokuwa wamekopa yeni za bei rahisi kununua mali kwingineko wakaanza kufungasha. Ijumaa ya Agosti 2 takwimu za ajira za Marekani zikatoka dhaifu. Jumatatu ya Agosti 5 soko la Tokyo likaporomoka zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja, na New York ikaamka katika hofu. VIX iliyofunga Ijumaa kwenye 23.39 ilivuka 65 asubuhi hiyo, halafu ikafunga siku kwenye 38.57. Kuanzia kufunga kwa Julai 31 hadi kiwango cha chini kabisa cha Jumatatu, S&P 500 ilishuka asilimia 7 na ushei.

Turudi kwenye mfuko wetu. Ijumaa jioni fahirisi ya mfano iko 4,850. Mpaka wa 4,700 bado uko mbali, hakuna wa kufidiwa. Hata hivyo mkataba uliouzwa kwa pointi 12 sasa unanunuliwa kwa 70 hivi. Mfuko umeshapoteza karibu asilimia 6, na wateja wapo kwenye nyama choma, hawana habari. Jumatatu asubuhi fahirisi iko 4,650 na hofu imetanda: mkataba uleule unathaminiwa pointi 245. Kama bei ya bima isingepanda kabisa, ungekuwa karibu 110 tu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya hasara haikutokana na soko kushuka bali na wingu, ile ada mpya anayotozwa aliyechelewa. Ukisoma katika barua kwamba "soko lilishuka asilimia chache tu lakini nafasi zetu ziliathirika zaidi", ndicho kinachosemwa.

Angalia dhamana sasa. Dalali anahesabu upya na kudai karibu dola milioni 9.4, ilhali mfuko umebaki na milioni 7.7. Simu inalia. Meneja hana hiari: lazima anunue mikataba yake mwenyewe irudi, saa ileile ambapo kila muuzaji bima duniani anataka kununua. Asubuhi kama hiyo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza linapanuka sana. Hata ule mruko wa VIX hadi 65 ulitokana kwa sehemu na mapengo hayo kwenye mikataba ambayo mpaka wake uko mbali chini ya soko, kabla soko halijafunguliwa rasmi. Akinunua kwa 255 badala ya 245, hasara ni pointi 243 mara mikataba 100 mara dola 100, yaani dola milioni 2.43. Ndiyo asilimia 24.3 yenyewe.

Mfuko wako huenda ulipata faida katika miezi mingine. Kama ni hivyo, ili mwaka mzima ufungwe kwa hasara ya 24.3, pigo la Agosti lazima lilikuwa kubwa kuliko la mfano wangu, na huenda mzigo uliobebwa ulizidi mara tano.

Hapa ndipo swali lako la soko kumaliza mwaka juu linapojibika. Baada ya siku hiyo S&P 500 ilipanda upesi. Wiki mbili hivi baadaye VIX ilikuwa imerudi chini ya 20, Agosti ikaisha fahirisi ikiwa juu ya ilipoanzia mwezi, na mwaka mzima ukafungwa kwa faida ya asilimia 23. Mkataba ule wa mpaka 4,700 ungeachwa hadi tarehe yake ungeisha bila thamani, na muuzaji angebaki na ada yote. Meneja alilipa pointi 255 kununua kitu ambacho mwisho wa mwezi kilikuwa sifuri. Kama angekuwa ameuza mikataba 20 badala ya 100, mzigo ukiwa sawa na mtaji wake, asubuhi ileile ingemwonyesha hasara ya karibu asilimia 5 kwenye karatasi, dalali asingepiga simu, na angeketi kusubiri. Dhoruba ilikuwa moja kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni ukubwa wa walichobeba. Kwa hiyo nikisoma barua yenye kurasa tatu juu ya Japani na yeni bila mstari mmoja unaosema "tulikuwa tumebeba mara ngapi ya mtaji", naona imeandikwa kuzunguka swali.

Na hilo neno "isiyo ya kawaida" nisingelikubali hivihivi. Februari 5, 2018 VIX iliruka kutoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja, wakati S&P 500 ilishuka asilimia 4 tu. Hati moja iliyouzwa kwa jina XIV, iliyokuwa ikilipa pale VIX ikitulia, ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake na mwezi huohuo ikafutwa. Machi 16, 2020 VIX ilifunga kwenye 82.69. Ukihesabu na Agosti 2024, ni mara tatu ndani ya miaka saba. Siku ya tukio haitabiriki, lakini mtu aliyeichagua kazi hii anajua litakuja, kama mwenye duka kando ya Mto Mathare anavyojua habari za masika.

Je, ni wizi? Kutokana na ulichonitumia, dalili zinaelekea kwenye mzigo uliozidi, si kwenye wizi. Lakini dalili si ushahidi, na kuna kisa kimoja kinachoonyesha pa kuchungulia. Mwaka 2022 tawi la Marekani la kampuni ya Allianz lilikiri kosa la ulaghai kuhusu mifuko yake ya opsheni iliyoanguka Machi 2020, na malipo yakapita dola bilioni 6. Kuuza mikataba hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba wateja waliahidiwa kinga iliyonunuliwa karibu, kati ya asilimia 10 na 25 chini ya soko, ilhali iliyokuwa ikinunuliwa ni ya mbali zaidi na rahisi zaidi. Taarifa za hatari nazo zilikuwa zikirekebishwa. Katika moja, hasara iliyokadiriwa endapo soko lingeporomoka ilikuwa asilimia 42.15, mtu akafuta ile 2 ya mwanzo, ikasomeka 4.15.

Ndiyo maana nakushauri umwandikie meneja, kwa barua pepe ili kuwe na kumbukumbu, na umuulize mambo manne tu. Thamani kamili ya mikataba iliyouzwa ilikuwa mara ngapi ya mtaji wa mfuko Julai 31, 2024? Ni sehemu gani ya mtaji iliyokuwa imefungiwa kama dhamana siku hiyo? Je, mikataba ilifungwa kwa uamuzi wao au kwa kudaiwa na dalali, na kwa bei gani? La nne ni la leo: fahirisi ikishuka asilimia 10 kesho na VIX ikafika 60, mfuko utapoteza asilimia ngapi? Meneja mzuri analo jibu la swali la nne mezani kila asubuhi. Akikujibu kwamba hali hiyo haiwezekani, au kwamba ni siri ya biashara, hilo nalo ni jibu.

Barua za namna hii hupenda pia kuahidi kwamba "tumeimarisha kinga". Kinga ya kweli inapimika. Katika mfano wetu, meneja angeweza kununua opsheni ya mpaka 4,500 kwa kila aliyouza ya 4,700. Siku za utulivu ingemgharimu pointi 4 au 5, na ada yake ingeshuka kutoka 12 hadi 7 na kidogo. Kwa malipo hayo, hasara kubwa kabisa kwa kila mkataba isingezidi pointi 193 hata dunia ipinduke. Kwa mikataba 100 bado hiyo ni asilimia 19 ya mfuko, si haba. Lakini inajulikana siku ya kwanza, na anaweza kupunguza idadi ya mikataba kulingana nayo. Akikuambia ana kinga na mapato ya mwezi yamebaki yaleyale, muulize kinga hiyo inalipiwa na nani.

Sasa kutoa au kusubiri. Ondoa kwanza wazo la "kirudi". Mikataba ya Agosti imefungwa na hakuna kitu kilichobaki mle kinachoweza kurudi. Kitakachokuja ni faida mpya kutokana na mikataba mipya. Ili dola 9,643 zifike tena 12,739 zinahitaji kukua kwa asilimia 32. Kwa mwendo wa asilimia 1.2 kwa mwezi hiyo ni karibu miezi 23 mfululizo bila mwezi mbaya hata mmoja, na meneja aliyepunguza mzigo, kama alivyopaswa, atakwenda polepole zaidi. Akikuahidi kurudisha kwa miezi sita, anakuambia kwamba atabeba mzigo mkubwa kuliko ule uliomwangusha.

Kwa haki yake niseme upande wa pili. Baada ya mshtuko, ada za bima hukaa juu kwa muda, na anayeuza kidogo kwa ada nono huwa katika nafasi bora kuliko aliyeuza sana wakati wa utulivu. Biashara hii si upuuzi. Kwa muda mrefu wanunuzi wa bima hulipa zaidi ya wanachofidiwa. Ikiwa majibu manne yatakuja wazi, mzigo umeshuka hadi karibu na mara moja ya mtaji, na pesa hizi hutazihitaji kwa miaka mitatu au minne, kubaki na sehemu ni uamuzi unaoweza kutetewa. Lakini kama ndizo pesa za matibabu, karo ya wajukuu au kodi ya nyumba, zitoe. Kwa mstaafu anayeishi kwa shilingi, mfuko huu ulikuwekea hatari mbili, moja juu ya nyingine, ya bima na ya dola, na sidhani kama ulilipwa kwa kubeba zote mbili. Ningekuwa natazama kwa jicho lako, nisingeacha humo zaidi ya kiasi ambacho kikipungua nusu hakibadilishi maisha ya nyumbani. Kabla ya kutoa, soma waraka wa maelezo ya mfuko uone notisi ni siku ngapi, kama kuna makato ya kutoka, na bei ya siku gani itatumika.

Waraka huohuo ndio utakaoamua kama una malalamiko. Tafuta sehemu inayotaja opsheni na kiwango cha juu cha mzigo. Kama unaruhusu mara tano na ulitia sahihi, hasara ni yako, na Hazina ya Fidia ya Wawekezaji haifidii hasara ya soko. Kama unasema mara mbili na wao walibeba tano, au aliyekuuzia alikuambia kwa maandishi kwamba ni salama kama mfuko wa soko la fedha, hapo una kesi. Lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Wasipokujibu ipasavyo, peleka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo pia ina orodha ya kampuni na mifuko yenye leseni. Angalia jina la mfuko wenyewe kwenye orodha hiyo, si la kampuni pekee.

Pia iandikie moja kwa moja benki inayotunza mali ya mfuko, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe na si iliyo kwenye barua ya meneja, ukiomba ithibitishe kwamba inatunza mali ya mfuko huo. Ikisema haiujui, acha barua pepe na maswali manne. Chukua waraka wa maelezo, risiti za kuweka pesa, taarifa zote za mwezi na barua ya mwisho wa mwaka, nenda kwa wakili siku hiyohiyo, kisha kwa Mamlaka.